Dogo Aliyeitwa Msaliti kwa Sekunde 19: Kilichokuwa Nyuma ya Ile Picha Mnato ya Majimaji

Klipu yenyewe ina sekunde 19 tu. Wanafunzi watano wa kidato cha pili wamesimama mbele ya ubao, wameganda kabisa, yaani kama ile chalenji ya kujifanya sanamu za dukani iliyovuma mwaka 2016. Mmoja ameinama, mkono umeshika tawi la mwarobaini lililochomekwa kwenye kopo la mchanga. Mwalimu haonekani, unaona mkono tu unagusa bega la kijana aliyesimama katikati. Kijana hatikisi hata shingo. Anasema: “Mimi ndiye jumbe. Wakiing'oa hii pamba, akida ataanza na mimi. Hawa wananinunia, lakini ofisi inaniuliza hesabu mimi.”

Klipu imekatwa hapo hapo.

Ilirushwa jioni kwenye grupu moja la Watsapu, na kufika asubuhi ilikuwa imeshazunguka magrupu ya wazazi, ya mtaa na ya waliomaliza shule hiyo miaka mingi iliyopita. Juu yake kuna mtu aliandika kwamba siku hizi watoto wanafundishwa kuwatetea vibaraka wa Mjerumani. Basi, shughuli ikaanzia hapo. Wengine walicheka, wengine wakamtukana mwalimu, na shuleni kwenyewe dogo akapewa jina jipya kabla ya mapumziko ya saa nne: Msaliti.

Majina kapuni. Kinachotakiwa kujulikana ni kwamba dogo anakaa Mbagala, na mama yake ni mjumbe wa nyumba kumi. Mama huyu ndiye anayepita mlango kwa mlango jioni akiwa na daftari la michango ya ulinzi shirikishi. Anayemjua mjumbe wa nyumba kumi anajua namna watu wanavyozima taa wakisikia hodi yake. Sasa mtoto wake akaonekana kwenye simu za majirani hao hao akisema “hawa wananinunia”. Kuna jirani alimwambia mama waziwazi, mbele ya duka la Mangi, kwamba kumbe usaliti ni wa ukoo. Mama akarudi nyumbani bila kununua alichofuata.

Dogo hakwenda shule siku mbili.

Kwa aliyeona zile sekunde 19 tu, hasira inaeleweka. Lakini kipindi chenyewe kilikuwa cha dakika 80, na hizo dakika nyingine ndizo zenye stori.

Mwalimu ni dada wa kujitolea, bado anasubiri ajira kama vijana wengi wa umri wake. Anafundisha Historia ya Tanzania na Maadili, lile somo la kwa Kiswahili, darasa lina watoto zaidi ya 60 na madawati yamebanana mpaka kupita ni kwa ubavu. Mada ilikuwa vita vya Majimaji. Kila mtoto tayari alikuwa na majibu yake ya mtihani kichwani: vilianza 1905, vikaisha 1907, sababu ni kodi, kazi za kulazimishwa na kilimo cha pamba, kiongozi ni Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe. Ukimuuliza mtoto, “Kwa hiyo jumbe wa kijiji alikuwa anawaza nini?” anakuangalia kama umemuuliza swali la kidato cha sita.

Ndipo akawaletea picha mnato. Mwanafunzi anageuka sehemu ya picha moja iliyosimama. Hakuna kutembea, hakuna kuongea, hakuna kupigana kwa rula. Watazamaji wanaisoma picha kwanza kwa macho. Kisha mwalimu anapita na kugusa bega, na anayeguswa anasema sentensi mbili au tatu za mtu anayemwigiza: ni nani, anaona nini, anataka nini, anaogopa nini. Akiondoa mkono, unanyamaza tena. Inaonekana rahisi, na ndiyo maana wengi wanaiharibu.

Kosa la kwanza ni kutaka kuigiza vita vizima. Kundi la kwanza lilivyoambiwa “Majimaji”, wakapanga Kinjeketile anagawa maji, pembeni yake Wajerumani wanapiga bunduki, chini kuna maiti, na kule nyuma kuna mti wa kunyongea. Vitu vilivyotokea miezi na mahali tofauti vyote vimerundikwa kwenye picha moja. Picha ya namna hiyo haina swali ndani yake, maana kila mtu ameshamaliza kufanya alichofanya. Aliyekufa hana cha kuamua, na aliyenyongwa ndiyo basi tena.

Mwalimu aliwaambia watafute dakika moja ambayo bado ingeweza kwenda kulia au kushoto. Wakabishana, wakarudi kitabuni, wakaipata Nandete.

Nandete ni kijiji cha Umatumbi, kwenye vilima vya nyuma ya Kilwa. Mwezi Julai 1905 kikundi kidogo cha watu wa pale kilikwenda kwenye shamba la pamba la kulazimishwa na kung'oa mashina machache. Mashina yenyewe hayafiki hata mzigo wa kichwani. Lakini waliong'oa walijua vizuri wanachofanya, na wakuu nao wangejua: ile ilikuwa njia ya kutangaza vita bila kupeleka barua. Baada ya hapo ngoma zikapigwa na mapigano yakaanza.

Kwa hiyo picha ikawa hii: mkono umeshika shina, shina halijatoka ardhini. Wakati ni huo tu. Mwarobaini ukawa pamba, kopo la mchanga likawa shamba.

Sasa nani yuko kwenye picha? Hapa darasa lilichemka. Kijana mmoja mrefu alishajipanga kuwa Mjerumani, amefunga mkanda wa mzigo begani, kashika fagio kama bunduki. Mwalimu akamuuliza swali moja tu: “Nani amekuambia Mjerumani alikuwepo pale shambani?” Darasa likanyamaza. Wakafungua tena kitabu. Kilichopo ni kwamba serikali ya Mjerumani huko Umatumbi ilionekana kwa sura ya akida aliyekaa Kibata, na chini ya akida walikuwa majumbe wa vijiji na wasimamizi wao. Wazungu wenyewe walikuwa wachache na mbali. Mtu wa Nandete aliyechapwa kwenye pamba angeweza kuchapwa mwaka mzima bila kuona jicho la bluu hata moja.

Yule mrefu alikasirika, maana alikuwa ameahidi watu bonge la sura ya ukali. Akapewa kuwa mtu wa akida, mwenye kiboko. Picha ikabaki na watu watano, wote weusi, na kiukweli hapo ndipo ilipoanza kuuma. Ukiweka Mzungu katikati, kazi ya mtazamaji imekwisha, anajua amchukie nani. Ukimtoa, anabaki anaangalia majirani watano.

Wa kwanza ni mzee aliyeshika shina. Wa pili mwanamke mwenye jembe, anatazama pembeni, kuelekea shamba lake la mahindi. Wa tatu kijana mwenye bua la mtama alilofunga kichwani, alama kwamba ameshapata maji. Wa nne mtu wa akida. Wa tano jumbe, katikati, kati ya mzee na kiboko.

Mwalimu aliwapa dakika kumi kupanga miili. Akasema picha isipande juu tu, wengine waende chini: mzee ainame mpaka goti liguse sakafu, mwanamke asimame nusu, mtu wa akida apande kwenye tofali. Jumbe hakuambiwa chochote. Alijipanga mwenyewe, mguu mmoja umeelekea kwa mzee, kiwiliwili kimegeukia kiboko. Walioangalia waliona kitu hicho kabla hajafungua mdomo, na kuna binti wa dawati la nyuma alisema, “Huyu jamaa hajui akimbilie wapi.”

Mkono ukaanza kupita mabegani. Mzee akasema: “Mimi ni mpiganaji wa uhuru, natetea Tanganyika yangu.” Makofi. Mwalimu akawatuliza, akamwambia afikirie tena, kwa sababu mwaka 1905 hakuna mtu aliyekuwa akiishi mahali panapoitwa Tanganyika. Nchi iliitwa Afrika Mashariki ya Kijerumani kwenye karatasi za wakubwa, na jina la Tanganyika limekuja baadaye, Waingereza walivyochukua. Mzee wa Nandete alikuwa mtu wa Umatumbi mwenye shamba, kodi na mgongo. Dogo akajaribu tena: “Nimelima shamba hili siku zangu za palizi. La kwangu limeota majani. Leo nang'oa, na kijana huyu kaniambia risasi itakuwa maji.” Hapo sasa kuna mtu.

Hii ya kumpa mtu wa kale mawazo ya leo ndiyo inayoua picha mnato nyingi, na ina ndugu yake: kumpa mtu habari za kesho. Yule kijana wa bua la mtama alisema kwa huzuni, “Najua dawa hii haitafanya kazi, lakini napigana tu.” Inapendeza masikioni, lakini si kweli. Julai 1905 yeye hajui. Amesikia habari za Ngarambe, amekunywa maji, amenyunyiziwa, anaamini. Na kama haamini asilimia mia, basi anaona wenzake wanaamini, na hiyo peke yake ni nguvu. Kinjeketile mwenyewe alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, siku chache tu baada ya pamba kung'olewa, na vita vikaendelea bila yeye. Aliyeko ndani ya picha hawezi kubeba habari hizo. Mtazamaji ndiye anazibeba, na ndiyo maana anakaa kimya akisikia kijana anasema kwa furaha, “Risasi itakuwa maji.”

Kuna mwanafunzi alileta sentensi nzuri ajabu, imepangwa kama ya mwandishi. Kumbe ni mwandishi kweli, aliitoa kwenye tamthilia ya Ebrahim Hussein ya Kinjeketile, iliyotoka 1969. Mwalimu hakuikataa tamthilia. Alisema tu kwamba ile ni sanaa ya mtu aliyeishi miaka zaidi ya sitini baada ya tukio, itafaa siku ya kuuliza watu wa 1969 walitaka kukumbuka nini. Kwenye picha ya Nandete haiingii.

Mwanamke mwenye jembe alikuwa binti mpole ambaye kwa kawaida haongei darasani. Alisema: “Nikiwa hapa, nguruwe wapo kwenye mahindi yangu. Hii pamba hailiwi.” Maneno hayo tu. Pamba hailiwi, na kazi yake inaangukia miezi ile ile mahindi, mtama na mpunga vinapotaka mikono. Kitabu kinaeleza hilo kwa aya nzima na hakuna aliyekuwa amelishika.

Zamu ya jumbe ikafika, na hapo ndipo simu iliyofichwa chini ya dawati ikawashwa. Simu haziruhusiwi shuleni, kwa hiyo aliyerekodi yuko kimya mpaka leo.

Ambacho klipu haikuonyesha ni dakika ishirini zilizofuata. Mwalimu ana utaratibu wa kumweka mhusika mmoja kwenye kiti mbele, darasa linamuuliza maswali naye anajibu kama yule yule mtu wa kale. Wenzake wa vyuoni wanakiita kiti moto, jina ambalo kwa Dar mwalimu hawezi kulitamka darasani bila watoto kuanza kuulizana ndizi na pilipili ziko wapi. Yeye anakiita kiti cha maswali.

Dogo akakaa. Maswali yakamiminika. “Kwa nini humwambii akida watu wamechoka?” Akajibu: “Nimemwambia mara moja.” Akanyoosha mkono nyuma ya mgongo wake, hakuongeza neno. “Unalipwa shilingi ngapi?” Mwalimu akaingilia, ni rupia. Dogo akaeleza alichosoma: kwenye mpango ule wa mashamba ya pamba ulioanza 1902 upande wa Dar es Salaam na kuenea pwani ya kusini, fedha ya mauzo iligawanywa mafungu matatu. Theluthi kwa waliolima, wote kwa ujumla wao. Theluthi kwa jumbe. Theluthi kwa chombo cha serikali kilichosimamia na kuuza.

Darasa likapiga hesabu lenyewe. Kama waliolima ni mia na jumbe ni mmoja, basi jumbe anapata fungu sawa na watu mia. Kelele zikaanza. Binti wa nyuma akasimama: “Kumbe huogopi tu kiboko! Unakula!”

Na dogo, akiwa bado jumbe, akakaa kimya muda mrefu kidogo. Halafu akasema: “Ndiyo, nakula. Na kodi ya rupia 3 nadaiwa kukusanya mimi. Ukinipa kazi ambayo nikiikataa napigwa na nikiikubali nalipwa, utanitofautishiaje?”

Hilo ndilo jibu ambalo mtaa mzima ulitakiwa kulisikia, na halikurekodiwa. Pale dogo hamtetei jumbe, wala hamsafishi. Amemfungua mpaka inaonekana anavyofaidika na anavyoogopa kwa wakati mmoja, kitu ambacho sentensi ya klipu, peke yake, haikuonyesha. Kwenye klipu jumbe ni mwoga anayeonewa. Kwenye kiti ni mwoga anayekula. Watu waliokasirika na klipu walikuwa na haki ya kukasirika, ila walikasirikia nusu.

Baada ya kiti kuna hatua ambayo walimu wengi wanairuka kwa sababu kengele inakaribia, nayo ndiyo ya lazima. Kwanza kila mwigizaji anatoka ndani ya mtu wake kwa sauti. Anasema jina lake halisi na kitu kimoja anachotofautiana na aliyemwigiza. Inaonekana ya kitoto, lakini ukiiruka mtoto anaondoka na mtu yule mgongoni. Siku hiyo muda ulikuwa umekwisha. Wanne walisema haraka haraka, wa tano kengele ikagongwa. Wa tano alikuwa jumbe. Hata bila klipu, jina la Msaliti lingeweza kumfuata mpaka mapumziko.

Hatua ya pili ilibidi isubiri wiki nzima, mpaka dogo aliporudi. Na hakurudi kirahisi. Mwalimu alikwenda nyumbani kwao Mbagala baada ya vipindi, akakaa kibarazani na mama mjumbe. Alianza na shikamoo na samahani. Mama hakuwa na hasira na historia, wala hakuwa na habari na akida. Alichouliza ni kimoja: “Mwanangu yale maneno ya kununiwa kayatoa wapi, kwenye kitabu chenu au kwangu?”

Mwalimu alisema hajui, atamuuliza mwenyewe. Akaeleza pia ile hesabu ya mafungu matatu. Mama akacheka kwa mara ya kwanza, akasema jumbe huyo alikuwa na bahati, yeye hapewi hata nauli.

Darasani wakachora mistari ubaoni, sehemu tatu. Ya kwanza ni mambo yaliyo kwenye kitabu. Ya pili ni mambo ambayo hayakuandikwa ila yanatokana na yaliyoandikwa. Ya tatu ni mambo tuliyotoka nayo nyumbani. Kila sentensi iliyosemwa kwenye picha ikaletwa na kuwekwa mahali pake.

“Hii pamba hailiwi” ikaenda ya kwanza bila ubishi. “Akida ataanza na mimi” ikazua mjadala, mwisho ikatua ya pili: kitabu kinasema jumbe alikuwa chini ya akida na shamba lilikuwa mzigo wake, hakisemi jumbe wa Nandete aliogopa nini asubuhi ile. “Mpiganaji wa uhuru wa Tanganyika” ikaenda ya tatu, maana imetoka kwenye hotuba za sikukuu. Ikaja “hawa wananinunia, lakini ofisi inaniuliza hesabu mimi”. Dogo mwenyewe akanyanyua mkono. Akasema ya tatu. Neno ofisi, neno kununiwa, yote ya mama.

Hakuna aliyecheka.

Mwalimu akauliza kama sentensi hiyo ifutwe. Hapa watoto waligawanyika, na kila upande ulikuwa na hoja. Waliotaka ifutwe walisema mjumbe wa leo anachaguliwa na majirani zake, hana kiboko, hana theluthi, na ukitaka kumnyima mchango unazima taa tu. Jumbe wa akida ukizima taa anarudi na watu. Kwa hiyo ukimpa jumbe sauti ya mjumbe, umemfanya mpole kuliko alivyokuwa, na umemfanya mama wa mtu aonekane mkali kuliko alivyo. Waliotaka ibaki walisema bila ile sentensi dogo asingejua asimame vipi, ule mguu kwa mzee na kiwiliwili kwa kiboko usingekuwepo. Nyumbani ndiko alikouona mwili wa mtu wa katikati.

Wakakubaliana kitu cha kati. Mwili ubaki, maneno yabadilike. Ukitaka kujua kama maneno ni ya mhusika kweli, mwalimu ana kipimo chake: chukua sentensi umpe mhusika mwingine. Kama inamkaa vizuri vile vile, basi haikuwa ya yule wa kwanza. “Naogopa” inamkaa kila mtu kwenye picha. “Wananinunia” inamkaa mjumbe, mwenye nyumba, konda, hata admini wa grupu. Dogo akaandika mara tatu, akafuta mara mbili. Iliyobaki ilikuwa: “Shamba hili limeandikwa jina langu Kibata. Fungu langu linatoka hapa, na viboko vyangu vinatoka hapa.” Hiyo huwezi kumpa mzee, huwezi kumpa mwanamke, hata mtu wa akida haimkai.

Halafu wakafanya picha ya pili, mahali pale pale, watu wale wale, mwaka mmoja na nusu baadaye. Mwalimu alikataa kunyongwa kuigizwe, na alikataa maiti. Darasani kuna watoto wenye asili ya Kilwa, Lindi na Songea, na Songea watu walinyongwa kwa makumi mwezi Februari 1906. Kuna ukoo ambao hilo kwake ni jina la babu. Aliyekufa kwenye picha anaonyeshwa kwa nafasi tupu. Unaacha pengo pale alipokuwa amesimama, na wengine hawabadilishi mkao kuliziba.

Kitu kilichowaua wengi zaidi ni njaa, kwa sababu jeshi la Mjerumani lilichoma vyakula na mashamba makusudi. Makadirio ya Wajerumani yalikuwa watu 75,000. Mwanahistoria Gilbert Gwassa, aliyekusanya simulizi za wazee wa huko kusini, alikadiria kati ya 250,000 na 300,000. Kwa hiyo picha ya pili ilikuwa na mapengo. Mzee hayupo. Kijana wa bua la mtama hayupo, bua lake limelala sakafuni. Mwanamke amesimama nusu vile vile, jembe mkononi, anatazama kule kwenye mahindi, ila mahindi hayapo. Mtu wa akida yupo, ila kashuka kwenye tofali.

Shida ikawa jumbe. Asimame wapi? Darasa lilishindwa kuelewana, na kitabu hakikusaidia, kwa sababu majumbe hawakufanya kitu kimoja. Kuna walioingia vitani na watu wao, kuna waliokimbilia serikalini. Binti wa nyuma alitaka awe pengo. Yule mrefu alitaka awe juu ya tofali. Wakapiga kura, zikakaribia kulingana.

Dogo hakupiga kura. Alisogea mwenyewe, akasimama mbele ya mwanamke, mbali kidogo, mgongo umeelekea darasa ili uso usionekane, mkono mmoja umenyooshwa kwake, kiganja juu. Watazamaji walianza kuulizana kama anampa kitu au anamdai. Mwalimu akafika, akamgusa bega, na jumbe hakusema chochote.

Mkono ukapita kwa mwanamke. Binti mpole akasema: “Anataka kodi.”